Waraka wa Ndani: Kufupishwa kwa Vipindi vya Ugezi wa Vifaa vya Kupimia

KARAKANA YA MITAMBO, TANGA
KITENGO CHA UBORA

KWA: Wasimamizi wa sehemu zote, mafundi mitambo, mafundi umeme, mpangaji wa kazi na mtunza stoo ya vifaa
KUTOKA: Meneja wa Ubora
TAREHE: 5 Mei 2025
KUMB. NA.: UB/UGZ/03/2025

YAH: KUFUPISHWA KWA VIPINDI VYA UGEZI WA SPANA ZA TOKI, MAIKROMITA NA GEJI ZA PRESHA

1. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Kuanzia Jumatatu, tarehe 19 Mei 2025, vipindi vya ugezi wa makundi matatu ya vifaa vya kupimia vinafupishwa kama ilivyoelezwa katika aya ya 5. Uamuzi huu umetokana na vyeti vya ugezi vya miaka mitatu mfululizo, ambavyo vimeonyesha kwamba baadhi ya vifaa hivyo vinarudi maabara vikiwa vimepotoka, vinarekebishwa, kisha mwaka unaofuata vinarudi tena vikiwa vimepotoka kuelekea upande uleule. Kifaa kikipotoka mara moja, huenda kiliangushwa. Kikipotoka mara tatu kwa mwelekeo mmoja, maana yake ni kwamba miezi 12 tuliyokipa ni mingi kuliko kinavyoweza kustahimili hapa kwetu.

2. Mfano ulio wazi zaidi ni spana ya toki TW-04, yenye uwezo wa 40 hadi 200 Nm, ambayo hutumiwa zaidi kwenye kapilingi na vifuniko vya pampu. Mwaka 2023 ilikutwa na kosa la asilimia 3.1, mwaka 2024 asilimia 4.6, na mwezi uliopita asilimia 6.2: ikiwekwa 120 Nm, inabofya mkono ukiwa umefikisha 113 Nm tu. Kiwango cha ISO 6789 kinaruhusu spana ya aina hiyo, kwa toki inayozidi 10 Nm, kosa lisilozidi asilimia 4. Kila mara maabara iliirekebisha na kuturudishia ikiwa sawa, ndiyo sababu cheti ukikisoma kwenye safu ya hali ilivyoachwa peke yake huoni tatizo lolote. Naomba wasimamizi wajenge mazoea ya kusoma kwanza safu ya hali ilivyokutwa, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoeleza bolti zetu zilikazwaje mwaka mzima uliopita.

3. Maikromita MK-07 ya 25 hadi 50 mm imekutwa ikisoma pungufu kwa 0.009 mm. Kwa macho ni kitu kidogo, lakini tuchukue shafti ya 45 mm ambayo mchoro unaitaka iwe k6 kwenye kiti cha beringi, yaani kati ya 45.002 na 45.018 mm. Fundi anapima, anasoma 45.012, anaridhika na kuipitisha. Kumbe shafti ina 45.021 mm na imeshavuka kikomo cha juu. Beringi ikipigwa hapo inabana kupita kiasi, nafasi yake ya ndani inapungua, na mteja anarudi baada ya muda akilalamika kwamba pampu inachemka. Nyuso za maikromita hiyo zimelika, na sababu inajulikana na kila aliyesimama karibu na mashine zetu za kukereza: shafti inapigwa msasa, kisha inapimwa ikiwa bado inazunguka na vumbi la msasa likiwa juu yake. Kwa upande wa geji za presha, zote mbili zilizopo kwenye benchi la kujaribia pampu, za bar 0 hadi 16 na daraja la 1.6, zimekutwa zikisoma bar 10.4 mahali ambapo presha halisi ni bar 10.0, ilhali daraja hilo haliruhusu kosa la zaidi ya takribani bar 0.26. Hii ni mara ya pili mfululizo.

4. Nimesikia hoja kwamba tatizo ni joto. Joto lina mchango wake, lakini ni jambo jingine na lisichanganywe na hili. Vipimo vya urefu huchukuliwa kwa rejea ya nyuzi 20 za Selsiasi, nasi mchana tunafanya kazi kwenye nyuzi 30 na zaidi. Hata hivyo, maikromita ya chuma na shafti ya chuma zikiwa na joto moja, hutanuka pamoja na kosa kubwa hufutika lenyewe. Hatari ipo pale shafti inapopimwa punde tu baada ya kukatwa: ikiwa imeizidi maikromita kwa nyuzi 20, kipenyo cha 45 mm kitaonekana kikubwa kwa karibu 0.010 mm, kisha kitasinyaa kikipoa. Kosa hilo huondolewa kwa kusubiri, wala halihitaji maabara. Upotokaji unaozungumziwa katika waraka huu upo ndani ya kifaa chenyewe, nao unatokana na kulika kwa nyuso, kulegea kwa springi, mshindo wa presha ndani ya bomba la geji, na kutu, ambayo kwa hewa ya chumvi ya mji huu na unyevu wa masika haihitaji kualikwa.

5. Vipindi vipya ni hivi vifuatavyo. Spana zote za toki zitapelekwa maabara kila baada ya miezi 6 au matumizi 2,500, kutegemea kipi kitatangulia. Awali ilikuwa miezi 12 au matumizi 5,000. Maikromita zote za mkono zitakuwa na kipindi cha miezi 6 badala ya 12. Geji za benchi la kujaribia pampu zitakuwa na miezi 3, na geji nyingine za presha miezi 6. Vitalu vya kipimo, meza ya jiwe, kalipa za vernia, dayo geji na mega za mafundi umeme vinabaki na vipindi vyake vya sasa, kwa sababu vyeti vyao havijaonyesha upotokaji wa kututia shaka, na sioni busara ya kulipia ugezi ambao hakuna ushahidi kwamba unahitajika. Mizani ya stoo inayotumika kuuzia chuma chakavu iko chini ya uhakiki wa Wakala wa Vipimo na haihusiki na mabadiliko haya.

6. Stika zilizopo sasa kwenye vifaa vya makundi haya zinaonyesha tarehe za zamani. Mtunza stoo atabandika stika mpya za rangi ya chungwa kabla ya tarehe 19 Mei, na kuanzia siku hiyo kifaa chenye stika ya zamani kisitumike kupitisha kazi yoyote, hata kama tarehe iliyoandikwa bado haijafika. Hesabu ya matumizi ya spana za toki itaandikwa na anayeirudisha, kwenye kadi iliyofungwa ndani ya kasha lake, kwa kukadiria idadi ya bolti alizokaza. Makadirio ya kweli yanatosha, na sitaki kadi zijazwe zote kwa mkupuo siku ya Ijumaa jioni.

7. Kufupisha vipindi hakutasaidia ikiwa katikati ya ugezi mmoja na mwingine hakuna anayeangalia. Kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi kuanza, kila maikromita ihakikiwe sifuri yake. Ile ya 25 hadi 50 mm itumie fimbo yake ya 25 mm, baada ya nyuso na fimbo kufutwa kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi. Tofauti ikizidi 0.004 mm, kifaa kiwekewe lebo nyekundu na kuletwa kwangu; fundi asigeuze pipa lake kwa ufunguo ili sifuri ikae sawa, maana kwa kufanya hivyo anafuta ushahidi tunaouhitaji. Upotokaji wa MK-07 ungeonekana kwa ukaguzi huo ndani ya dakika moja. Spana za toki zirudishwe kwenye alama ya chini kabisa ya kipimo chake kila baada ya kazi, bila kulegezwa kupita alama hiyo. Kwenye benchi la pampu, valvu ya geji ifunguliwe wakati wa kusoma tu, na si kuachwa wazi pampu ikiwa inatetemesha mshale. Ukaguzi huu wa ndani hauchukui nafasi ya ugezi wa maabara.

8. Sehemu nzito zaidi inahusu kazi zilizokwisha kutoka. Kifungu cha 7.1.5.2 cha ISO 9001:2015 kinatutaka, kifaa kikikutwa hakifai, tujue kama matokeo ya vipimo vilivyotangulia yameathirika na tuchukue hatua inayostahili. Nimemwomba mpangaji wa kazi atoe kadi zote za kazi zilizotaja TW-04, MK-07 na geji mbili za benchi tangu ugezi wa mwaka 2024. Wasimamizi wa sehemu za ukerezaji na uunganishaji watakaa nami Alhamisi, tarehe 8 Mei, saa 3 asubuhi, ili tuzipange kwa uzito: kwanza pampu na gia zinazozunguka kwa kasi au kubeba presha, zikiwemo zile za mashine za korona kwenye mashamba ya mkonge, kisha nyinginezo. Mahali ambapo kosa la kifaa halikula nafasi yote iliyoachwa na mchoro, tutaandika hesabu na kufunga kadi. Pale lilipoila, mteja ataarifiwa nami kwa maandishi na kazi itakaguliwa upya kwa gharama yetu. Hadi hapo, hakuna mtu wa karakana atakayempa mteja jibu la mdomo kuhusu jambo hili.

9. Ninafahamu kwamba wasimamizi wana wasiwasi wa kubaki bila vifaa wakati vingine vikiwa safarini, na wasiwasi huo una msingi. Vifaa vitapelekwa kwa mafungu mawili, ili kila sehemu ibaki na angalau spana moja na seti moja ya maikromita, na uongozi umekubali kununua spana ya pili ya 40 hadi 200 Nm. Maabara itakayotumika ni yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, na kwa sasa vifaa vitaendelea kupelekwa Dar es Salaam. Vitasafirishwa ndani ya makasha yake, vikiwa mikononi mwa mfanyakazi wetu. Ule utaratibu wa kufunga boksi na kulikabidhi pale Kange liwekwe kwenye buti la basi umekoma. Hatuwezi kulipia ugezi halafu kifaa kipigwe na mizigo njia nzima kurudi Tanga.

10. Kifaa kilichoanguka, kilicholowa au kilichokazwa kupita uwezo wake kiripotiwe siku hiyohiyo na kipelekwe kukaguliwa bila kungoja tarehe ya stika. Aliyeripoti mwenyewe hatakatwa mshahara wala kuandikiwa barua ya onyo. Atakayebainika kuficha, suala lake litakwenda kwa utaratibu wa kawaida wa nidhamu.

11. Vipindi hivi si vya kudumu. Kifaa kitakachokutwa, katika ugezi miwili mfululizo, na kosa lisilozidi nusu ya kile kinachoruhusiwa, kitaongezewa miezi 3. Kitakachovuka kikomo hata kwa kipindi kifupi kitapunguziwa tena, na kikirudia kitaondolewa kazini. TW-04 imeshaondolewa na haitarudi stoo. Wasimamizi wasome waraka huu mbele ya mafundi wao kwenye kikao cha asubuhi kabla ya tarehe 9 Mei na wanirudishie orodha ya waliosaini kuusikia. Maswali yaletwe ofisini kwangu, au kwa mtunza stoo kwa yanayohusu stika na kadi.

(Imesainiwa)
MENEJA WA UBORA

Nakala: Meneja wa Karakana, Mhasibu, Ubao wa matangazo, sehemu ya ukerezaji