Ujumbe kwa Da Zuu kabla sijabuku rangi

Shikamoo da Zuu, mi Mwanaidi, yule niliyesukwa twende kilioni na wewe mwezi wa Ramadhani nikawa nalalamika kila ukishika chanuo la mkia 😅 natumai umenikumbuka. Nimeona picha ulizoweka status za yule dada mwenye rangi ya kahawia iliyoungua kwa mbali, yan nimeipenda mno na nataka kitu kama kile kwa ajili ya sendofu ya mdogo wangu tarehe 14 mwezi ujao. Ila kabla hujaniandika kwenye daftari lako naomba usome hii mesej yote, najua ni ndefu, soma ukikaa chini sio huku una kichwa cha mtu mkononi.

Mi nina aleji ya rangi ya nywele, na sio ile ya kuwashwa kidogo ukanawa yakaisha.

Ilianzia kwenye piko. Kuna harusi Tanga tukachorwa wote, wenzangu hina nyekundu, mi na binamu yangu tukataka nyeusi ikae vizuri kwenye picha. Baada ya siku chache lile ua lote likainuka, yan malengelenge yalifuata mchoro jani kwa jani, ungeweza kulisoma kwa kidole umefumba macho. Likatoa maji, likakauka, likaniachia alama iliyokaa miezi. Bibi zangu wakasema ni kijicho, kumbe ile piko ya kuchorea ni unga uleule wa kupaka nywele nyeusi, watu wanaukoroga na maji tu au wanautia kwenye hina ishike haraka.

Af miaka ikapita nikaenda saluni moja hapa hapa mjini kupaka rangi nyeusi. Nikamwambia yule fundi nishawahi kuvimba kwa piko, akasema hii ni tofauti dada, haina amonia, nakupaka vaselini pembeni ya uso hutasikia kitu. Na kweli pale saluni sikusikia kitu, nikatoka napendeza. Usiku wa kesho yake ndo kichwa kikaanza kuwasha, asubuhi masikio mekundu yanachuruzika maji nyuma, jioni kope zimevimba macho hayafunguki, nikawa naongozwa na mtoto kwenda chooni. Nilichomwa sindano, nikapewa prednisolone za kumeza, ngozi ya kichwa ikatoa magamba na nywele zikaondoka nayo hasa pale kwenye paji na juu ya masikio. Nakuelezea haya ili ujue kitu kimoja, kwangu haiji palepale, inakuja baadae nikiwa nishafika nyumbani, kwaiyo nikikaa kwenye kiti chako nusu saa bila kulalamika usichukulie kwamba imenikubali.

Baada ya hapo nikaenda kwa daktari wa ngozi, akanibandika viplasta mgongoni vina dawa tofauti tofauti, vikakaa siku mbili bila kulowa, akatoa akasoma, nikarudi tena baada ya siku mbili nyingine akasoma mara ya pili. Ile ya PPD ilikuwa imeota vipele vyenye maji. Hiyo PPD ndo inayofanya rangi iwe nyeusi na ishike, imo kwenye rangi nyingi sana za kudumu, na kadiri rangi inavyokuwa nyeusi ndo inavyokuwa nyingi zaidi. Akaniambia aleji hii haiishi, na kila ukirudia inaweza kuja kwa kasi kuliko mara ya kwanza. Akanitahadharisha pia na ndugu yake anaitwa PTD, zile rangi zinazojitangaza hazina PPD mara nyingi wanaweka huyo, na wenye aleji kama yangu wengi wanamkataa pia.

Nimekutumia hapo juu picha ya kikaratasi alichoniandikia, yale majina marefu nimeyazungushia kalamu nyekundu. Hayo ndo ya kutafuta pembeni ya boksi kwenye yale maandishi madogo madogo, usiangalie maandishi makubwa ya mbele. Mbele watakuandikia haina amonia, ina mafuta ya nazi, ya asili, sijui ya mimea, lakini amonia na PPD ni vitu viwili mbalimbali kabisa, boksi linaweza kukosa hiyo likawa limejaa hii. Na zile pakti za hina nyeusi usiniletee kabisa hata kama muuzaji wa Kariakoo amekuapia, hina yenyewe inatoa rangi ya machungwa au wekundu, ikiwa nyeusi ti ujue kuna kitu kimewekwa.

Sasa ninachoomba. Kwanza nitumie picha ya rangi unayotaka kunipaka, mbele na ile pembeni yenye viambato, picha isiwe na ukungu nikuze nisome. Nikiona jina lolote la kwenye kikaratasi tunaacha hapo hapo. Kama boksi halina orodha ya viambato, au ni ile rangi imemiminwa kwenye kopo lingine, naomba tusijaribu.

Tukikubaliana, nitapita hapo saluni siku nyingine unipake tone dogo kwenye kiwiko kwa ndani, rangi iwe imechanganywa na maji yake ya dawa vilevile kama utakavyopaka kichwani, af nikae nayo masaa 48 bila kuosha hapo, na nitasubiri siku mbili tatu zaidi kwasababu mwili wangu unachelewa. Nikiwa sawa ndo tunaweka deti. Muda wako wa siku hiyo nitakulipa, usiogope. Ila rangi yenye PPD usinijaribishie hata tone, hiyo majibu yake tunayo tayari. Na ndo mana naandika sa hivi, sio wiki ya shughuli.

Hata ikipita kwenye kiwiko bado sitaki iguse ngozi ya kichwa. Niliwaza hivi, tuache kupaka kuanzia kwenye mizizi, tuchukue mistari mistari kwa foili tuanzie mbali na ngozi kama upana wa vidole viwili. Najua foili maana yake blichi, na blichi nayo ina ukali wake, kuna watu inawavimbisha na wengine inawakaba pumzi, kwaiyo nayo iingie kwenye kiwiko kwanza, halafu volyumu iwe ya chini, 20 basi, tusinikalishe chini ya draya iharakishe. Alafu kuna kitu watu wengi wanasahau, ile tona ya kumalizia kupunguza unjano, nyingi nazo zinachanganywa na maji ya dawa kama rangi zingine na zinaweza kuwa na haohao ndugu wa PPD. Tona nayo nataka kuiona boksi lake. Kama huna inayofaa basi niache na unjano wangu, nywele zangu zikiwa na rangi ya kutu mi poa tu.

Njia nyingine ni ile rangi ya muda isiyochanganywa na kitu, inayopakwa kama stimingi na kutoka taratibu ukiosha. Kwenye nywele nyeusi haionekani sana najua, ila juu ya mistari iliyopigwa blichi inaweza kukaa. Hiyo nayo kiwiko kwanza, sina upendeleo.

Na kichwa chenyewe bila hata rangi ni kitukutu. Nina pumu ya ngozi tangu mtoto, ikiamka inakaa nyuma ya masikio na kisogoni. Sa hivi imetulia, lakini siku nikija naomba uniangalie kwanza kwa kutenganisha nywele, ukiona pekundu, pamechubuka au pana magamba, tunaahirisha na wala sitakununia. Dawa ya kunyoosha niliacha, nywele ni za asili mpaka ncha, usije ukafikiri nina ritachi. Sitaosha siku mbili kabla sijaja ili mafuta ya kichwa yabaki, ukikuta kananukia kidogo nisitiri 🙈. Maji yawe ya uvuguvugu, shampuu isiwe ya kunukia sana, na kucha tafadhali, osha kwa ncha za vidole. Lile chanuo la mkia ndo adui yangu mkubwa, tumia kidole kugawa panapowezekana.

Lingine naomba bakuli na brashi viwe visafi kabisa, visiwe vilivyotoka kukorogea nyeusi ya mteja mwingine asubuhi hiyo, na taulo isiwe ile yenye madoa. Nitakuja na langu pamoja na brashi yangu, usione nakudharau. Glavu pia ubadilishe ukitoka kwa mtu wa rangi. Na yule binti anayefanya nyusi pale kwako mwambie mapema, nyusi zangu asinipake piko wala wanja wa kudumu, najua ana huruma anaweza kunipaka bure huku nimesinzia.

Ikitokea nimeanza kuwashwa, kuungua au uso unakuwa mzito nikiwa hapo, usisubiri dakika za boksi ziishe, suuza kwa maji mengi muda huohuo. Setirizini ninayo kwenye mkoba, mfuko wa zipu wa mbele. Midomo au ulimi ukivimba au nikihema kwa shida hapo hakuna cha kidonge, ni bajaji mpaka hospitali na unampigia kaka yangu, namba yake nitakuachia.

Sasa da Zuu, kama unaona haya mambo ni mengi au rangi za hivyo huna, niambie tu ukweli. Hapo nitanunua rasta za rangi hiyohiyo, niziloweke kwenye maji ya siki usiku ule ukoko wa dawa utoke maana nao unaniwasha, af unisuke kubwa kubwa bila kukaza pembeni. Kazi bado itakuwa yako. Bora nisukwe nikacheze sendofu ya mdogo wangu kuliko kukaa meza kuu nimevaa miwani ya jua usiku.

Kwaiyo naomba unijibu haya, una rangi gani, mistari ya foili mbali na ngozi unaifanya bei gani kwa nywele za kufika mabegani, na Jumapili hii mchana utakuwepo nije kwa ajili ya kiwiko? Advansi nitatuma majibu ya kiwiko yakitoka. Ukiona kuandika ni kazi nitumie voisi ukimaliza wateja, hata saa nne usiku nitakuwa macho. Msalimie Nasra.