Zoezi la kujaza: nyakati za kitenzi katika muhtasari wa mkutano

Muhtasari ufuatao ni wa kamati ya bomba la maji ya mtaa mmoja wa Kadutu, Bukavu. Katika kila mabano kuna namba na kitenzi kisicho na kiambishi cha wakati. Andika kitenzi kamili: kiambishi cha ngeli, cha wakati, na ukanushi pale unapotakiwa. Dakika 25. Majibu yako chini, yafunike kwanza.

Muhtasari wa mkutano wa Jumamosi, tarehe 10 Juni 2023

Mkutano (1: funguliwa) saa tatu na robo asubuhi. Wajumbe 9 kati ya 12 (2: hudhuria). Muhtasari wa mkutano uliotangulia (3: somwa) na (4: pitishwa) bila marekebisho.

Mweka hazina aliripoti kwamba hadi siku hiyo kaya 41 (5: lipa) mchango wa Mei, na kaya 19 bado (6: lipa, kanusha). Aliongeza kwamba dola 18 (7: tumiwa) tarehe 3 Juni kununua koki 2.

Fundi alisema kwamba bomba kuu (8: vuja) chini ya ngazi tangu Aprili, na maji yanalainisha udongo wa mteremko. Baada ya majadiliano, bajeti ya dola 45 (9: idhinishwa) kwa kura 8; mjumbe mmoja hakupiga kura. Ilikubaliwa kwamba bomba hilo (10: badilishwa) kabla ya tarehe 24 Juni, na kwamba koki 2 ambazo tayari (11: nunuliwa) (12: fungwa) siku hiyohiyo.

Mkutano ujao (13: fanyika) Jumamosi, tarehe 8 Julai. Kikao (14: fungwa) saa tano kamili.

Majibu

1 ulifunguliwa, 2 walihudhuria, 3 ulisomwa. Kilichotendeka kikaoni kinabeba -li-, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

4 kupitishwa. Baada ya «na» kitenzi cha pili kinakaa vizuri bila wakati. «Ulipitishwa» ni sahihi pia. «Na ukapitishwa» usiandike: -ka- yenyewe imeshabeba maana ya «na».

5 zilikuwa zimelipa. «Zimelipa» peke yake si kosa, maana baada ya «aliripoti kwamba» Kiswahili hakilazimishi kurudisha wakati nyuma. Lakini atakayesoma Septemba atauliza: zimelipa kufikia lini? Umbo refu linafunga hesabu kwenye tarehe 10 Juni. «Walishalipa» ya mazungumzo ya mtaani ibaki mtaani.

6 zilikuwa hazijalipa. Hapa ndipo ugomvi huzaliwa. «Hazikulipa» inasema muda umekwisha na kaya hizo zimeshindwa; «hazijalipa» inaacha mlango wazi. Katibu akiteleza hapo, kaya 19 zinaonekana zimekataa, na hilo halikusemwa na mweka hazina.

7 zilitumiwa. Tarehe imetajwa, basi ni -li-.

8 linavuja. Siku ya kikao lilikuwa bado linavuja, na fundi alisema hivyo. «Lilikuwa likivuja» linaweza kumfanya msomaji adhani limekwisha kutengenezwa.

9 iliidhinishwa. Hili ndilo kosa la kila siku kwa makatibu wa kwetu wanaoanza kwa kuandika kwa Kifaransa. Kifaransa cha ofisi kina umbo moja linalotosha kwa «imeidhinishwa» na kwa «iliidhinishwa». Likihamishwa hivihivi, muhtasari unajaa -me-. «Imeidhinishwa» inafaa kwenye tangazo la ukutani, ambapo uamuzi ni mpya kwa anayelisoma.

10 litabadilishwa. Wengi huandika «lilibadilishwa» ili lifanane na «ilikubaliwa», na hapo kazi ambayo haijaanza inahesabiwa kuwa imekwisha. Kukubali kulikuwa jana. Kubadilisha ni kesho. Ukiondoa «kwamba», unaweza kuandika «ilikubaliwa bomba hilo libadilishwe». Ukichagua umbo moja, lishike katika maamuzi yote ya muhtasari huo.

11 zimenunuliwa, 12 zitafungwa. Sentensi moja inabeba nyakati tatu: -li- ya uamuzi, -me- ya kilicho tayari mkononi, -ta- ya kazi iliyobaki. Uwiano wa nyakati maana yake kila tendo likae mahali pake, si vitenzi vyote vivae kiambishi kimoja.

13 utafanyika. 14 kilifungwa, ngeli imebadilika kwa sababu kiima sasa ni «kikao».

Sehemu ya pili: tangazo la tarehe 11 Juni

Jaza tena, safari hii kwa ajili ya karatasi itakayobandikwa kwenye kibanda cha bomba.

Bajeti ya matengenezo (15: idhinishwa). Bomba kuu (16: badilishwa) kabla ya tarehe 24 Juni. Siku ya kazi maji (17: fungwa) kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Kaya ambazo (18: lipa, kanusha) mchango wa Mei zimwone mweka hazina.

Majibu: 15 imeidhinishwa, 16 litabadilishwa, 17 yatafungwa, 18 hazijalipa.