Barua ya kudai dhamana ya printa iliyoharibika fyuza ndani ya miezi mitano

Ofisi ya Uchapaji na Fotokopi,
Mwenge, Dar es Salaam.

21 Julai 2025

Meneja wa Mauzo,
Duka la Vifaa vya Kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MADAI YA DHAMANA, PRINTA YA LEZA NAMBA YA MFULULIZO VNB4K07316

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 12 Februari 2025 ofisi yetu ilinunua dukani kwenu printa moja mpya ya leza, nyeusi na nyeupe, ya karatasi za A4, kwa shilingi 708,000, ambazo ndani yake VAT ni shilingi 108,000. Risiti ya EFD tunayo, na kadi ya dhamana ya miezi 12 ina mhuri wenu, tarehe na namba ya mfululizo inayolingana na ile iliyo mgongoni mwa mashine. Kadi inasema dhamana inahusu vipuri na kazi ya fundi, isipokuwa katriji ya tona na uharibifu wa matumizi mabaya.

Tarehe 26 Juni, yaani miezi minne na siku 14 baada ya kununua, printa ilianza kutoa karatasi ambazo maandishi yake yanafutika kwa kidole. Si ukurasa mzima. Ni ukanda wa upande wa kushoto wenye upana wa sentimita 6 hivi, kuanzia juu hadi chini. Upande wa kulia tona imeshika vizuri. Baada ya siku mbili karatasi zikaanza kutoka na mikunjo kwenye ukanda huohuo, na mlango wa nyuma ukawa unatoa mlio wa kukwaruza kila karatasi inapopita.

Tuliileta kwenu tarehe 30 Juni. Tarehe 8 Julai tulijibiwa kwa mdomo kwamba tatizo ni "tona feki na umeme", kwamba dhamana haihusiki, na kwamba fyuza mpya ni shilingi 185,000. Hatukupewa ripoti yoyote ya fundi. Tulichukua mashine kesho yake na kuipima wenyewe, na matokeo hayakubaliani na jibu hilo.

Nianze na tona. Tangu tununue, printa imetumia katriji zenu tu: iliyokuja nayo na tatu tulizonunua dukani kwenu, risiti zake zimeambatishwa. Tarehe 10 Julai tulifungua ya mwisho, ikiwa bado imefungwa kwenye mfuko wake, tukaiweka. Ukanda ule ukaendelea kufutika vilevile. Kisha tukafanya kipimo ambacho fundi yeyote wa printa za leza anakijua: tulifungua kifuniko katikati ya uchapaji, karatasi ikiwa imeshapita chini ya katriji lakini haijaingia kwenye fyuza. Picha iliyokuwa juu ya karatasi ilikuwa nyeusi na sawasawa, kushoto na kulia. Maana yake katriji ilikuwa imemaliza kazi yake bila kasoro. Kazi iliyobaki ni ya fyuza, ambayo ndiyo huyeyusha tona kwa joto na kuigandamiza ishike kwenye karatasi, na kazi hiyo inakwama upande wa kushoto.

Kuna ushahidi mwingine ambao naomba fundi wenu auangalie kwa rula. Kwenye kurasa zinazotoka kuna doa dogo linalojirudia kila baada ya milimita 57. Dramu iliyo ndani ya katriji za printa hii ina mzunguko wa milimita 75. Doa la dramu lingejirudia kwa umbali huo. Milimita 57 ni mzunguko wa filamu ya fyuza. Ukijumlisha na mikunjo na mlio, dalili zote zinaonyesha filamu imechanika au imetoka mahali pake ukingoni kushoto. Kuthibitisha hakuhitaji kubahatisha: printa izimwe, iachwe nusu saa ipoe, fyuza itolewe na filamu itazamwe.

Kuhusu umeme, printa imechomekwa kwenye stebilaiza yake peke yake. Hatukuiweka kwenye betri ya UPS, kwa sababu fyuza huvuta umeme mwingi kwa ghafla inapowaka na kuielemea UPS. Umeme ukipanda kupita kiasi, cha kwanza kuumia huwa bodi ya umeme, na mashine haiwaki au inakwama na taa ya hitilafu. Hii inawaka, inavuta karatasi, inapokea kazi kutoka kwenye kompyuta, na upande wa kulia inachapa vizuri kabisa. Sioni namna umeme ungechagua sentimita 6 za kushoto.

Matumizi nayo yako ndani ya kiwango. Ukurasa wa hali ya printa tuliouchapa tarehe 10 Julai unaonyesha kurasa 7,846. Ukizigawa kwa takriban miezi minne na nusu ambayo mashine imefanya kazi, ni kama 1,740 kwa mwezi, wakati kijitabu cha printa kinashauri kurasa 250 hadi 2,500. Karatasi tunazotumia ni za gramu 80 za kawaida, na rimu hufunguliwa siku inapoanza kutumika, maana karatasi iliyonyonya unyevu wa Dar haishiki tona vizuri. Tulijaribu pia kubadilisha aina ya karatasi kwenye mipangilio, kutoka ya kawaida kwenda nzito, ili fyuza iongeze joto. Ukanda wa kushoto haukubadilika. Hatujachapa lebo za kubandika wala karatasi za plastiki kwenye mashine hii, na hakuna fundi wa nje aliyeifungua. Skrubu zake bado zina alama za kiwandani.

Kwa hiyo tunaomba mtufungie fyuza mpya halisi bila malipo, ya vipuri wala ya ufundi, ndani ya siku 7 za kazi tangu mpokee mashine, na mtupe ripoti ya fundi kwa maandishi inayotaja sehemu iliyobadilishwa na idadi ya kurasa siku hiyo. Fyuza iliyokarabatiwa au iliyotolewa kwenye mashine nyingine hatutaipokea, kwa sababu joto na mgandamizo wake hauna anayeweza kuuthibitisha. Kama kipuri hakipo nchini, tubadilishieni printa kwa nyingine mpya ya aina hiyohiyo, au turudishieni shilingi 708,000. Gharama za kuchapisha kazi zetu nje kwa wiki hizi hatuwadai.

Mkiendelea kukataa, tuandikieni sababu na matokeo ya kipimo mlichofanya. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iwe na ubora unaofaa kuuzwa, na printa isiyoshikisha maandishi kwenye karatasi ndani ya miezi mitano haijafikia hapo. Tusipopata jibu la maandishi hadi Ijumaa tarehe 1 Agosti 2025, tutapeleka malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na viambatisho hivi. Tungependa zaidi jambo hili liishie dukani, kwani tona na karatasi bado tunanunua kwenu.

Mashine tutaileta Jumatano tarehe 23 Julai saa 4 asubuhi, ikiwa na katriji yake na waya wake wa umeme. Tunaomba fundi awepo, filamu ya fyuza itazamwe mbele yetu, na tupewe hati ya kupokelewa yenye namba ya mfululizo.

Nimeambatisha nakala za risiti ya EFD, kadi ya dhamana, risiti tatu za katriji na ukurasa wa hali ya printa. Karatasi nne za majaribio ni halisi, mojawapo ikiwa ile iliyosimamishwa kabla ya fyuza. Tona yake haijashika popote, hivyo tafadhali msiiguse katikati.

Wako katika biashara,

Neema
Msimamizi wa Ofisi