Simu haiingizi chaji: anzia nje, bisibisi iwe ya mwisho

Dogo, hii nimekuandikia ukae nayo kwenye meza ya kazi wiki hizi mbili ambazo sipo. Ile simu ya juzi uliyobadilisha sistimu chaji, yaani kile kipande chenye tundu la kuchajia, alafu ikarudi kesho yake na tatizo lile lile bado inaniuma, maana nilipomulika tundu nikakuta pamba za mfukoni zimeshindiliwa pale chini, na kumbe hata sistimu chaji mpya ilianza kujaa kwa sababu mteja anaweka simu kwenye mfuko ule ule. Sikulaumu, mimi ndo nilipaswa kukupa mpangilio mapema. Basi ufuate huu, usiruke hatua hata kama unahisi ushajua jibu.

Kabla hujashika chochote muulize mteja. Ilianza lini, ghafla au taratibu, imeanguka, imeingia maji, kuna fundi ameshaifungua, na chaja anayotumia ni ile ile ya siku zote? Alafu muulize anamaanisha nini akisema haiingizi, hili ni muhimu sana dogo, maana kuna haioneshi kabisa alama ya chaji, kuna inaonesha alama lakini asilimia haipandi, kuna haipandi mpaka uushike waya kwa pembeni, na kuna inagoma kwenye 80 tu. Hayo ni magonjwa manne tofauti. Hiyo ya 80 mara nyingi siyo ugonjwa kabisa, ni mipangilio ya kulinda betri imewashwa, nenda kwenye mipangilio ya betri uizime mbele yake au umweleze faida yake akitaka ibaki, mrudishie simu yake.

Chaja na waya ndo vya kwanza. Chomeka simu kwenye chaja yetu na waya wetu ambao tunajua ni mzima, katikati weka ile mita ndogo ya USB. Chaja ya kawaida inatoa volti 5, zile za haraka zinaweza kupanda mpaka 9 au zaidi baada ya kuelewana na simu, kwa hiyo ukiona 9 usishtuke. Unachoangalia zaidi ni ampea. Simu yenye betri ya chini ikivuta ampea 1 na kuendelea na asilimia inapanda, simu ni nzima, mgonjwa ni chaja au waya wa mteja, vipime kimoja kimoja ujue ni kipi. Ila uangalie asilimia kwanza, simu iliyo karibu kujaa inavuta kidogo tu na hiyo ni kawaida.

Ampea zikisoma 0.00 na volti zimetulia kwenye 5, umeme unafika mlangoni lakini hauingii. Volti zikianguka sana unapochomeka simu hata kwa waya mzuri, hapo kuna kitu kinakula umeme, yaani uwezekano wa shoti, toa waya haraka usiache ichemke.

Sasa tundu, na hapa ndo uchukue muda. Zima simu, mulika kwa tochi, tumia lenzi. Ukichomeka waya tazama kama kichwa kinaingia chote, kwenye simu yenye uchafu utaona kinabaki nje kama milimita moja na kinacheza, wakati simu nzima kinakaa mpaka unasikia kimeshika. Chokonoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao au cha plastiki, usitumie sindano wala pini, utapinda pini za ndani au ugusishe mbili. Kinachotoka siyo vumbi tu, ni kipande kigumu kama kitambaa kilichokandamizwa, kinatoka kwa vipande vipande, endelea mpaka uone chini pamekuwa safi. Kama kuna kutu ya kijani au weupe weupe, piga brashi laini yenye spiriti safi, acha ikauke vizuri ndo ujaribu. Simu ikitoa onyo la unyevu usilazimishe chaji, na usipulizie bloa, iache ikauke mahali penye hewa.

Kwa taipu C jaribu kuchomeka pande zote mbili. Ikichaji upande mmoja tu ujue pini za upande wa pili ni chafu, zimeliwa au zimepinda, hapo huna haja ya kuhangaika na betri.

Kama simu inachaji bila waya, iweke kwenye pedi yetu. Ikipanda pale wakati waya unagoma, umeshajua betri ni nzima na sehemu kubwa ya bodi ni nzima, tatizo liko kwenye tundu, kwenye fleksi, ule utepe unaoliunganisha na bodi, au ile njia ya kuingizia umeme. Mtihani wa dakika mbili unakuokolea saa nzima.

Joto nalo usilisahau. Simu iliyotoka juani au iliyokuwa inachezewa gemu inakataa chaji makusudi kujilinda, betri za litiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya sifuri au zimepita kama nyuzi 45. Iache ipoe, iwashe upya, ujaribu tena. Na simu iliyokaa imezima miezi, iache kwenye chaja kama nusu saa kabla hujaitangaza imekufa, inaanza kuvuta kidogo sana mpaka betri iamke.

Baada ya hapo ndo ufungue, na umwambie mteja kwanza, umwoneshe nyufa zilizopo tayari, umuulize kama vitu vyake amehifadhi pengine. Kifuniko kikiwa kimeinuka au betri imevimba, SIMAMA. Usiibonyeze, usiitoboe, usiichokoe na chuma, iite kazi ya betri na uiweke mbali na vitu vinavyoungua.

Chomoa betri, ipime kwenye kichwa chake. Ya kawaida inasoma kati ya volti 3.4 na 4.4 hivi kutegemea imejaa kiasi gani, ikiwa chini ya 2.5 usijaribu kuifufua, badilisha. Angalia na soketi yake kama ina kutu. Betri ina pini ya sensa ya joto, ikikatika simu inakataa chaji wakati volti ni nzuri tu, kwa hiyo jaribu betri nyingine nzima kabla hujaenda mbali.

Kisha sistimu chaji. Iweke mpya bila kuifunga moja kwa moja, ijaribu kwanza, na kagua fleksi inayoiunganisha na bodi kuu, hiyo mara nyingi inachanika kwenye kona watu wakalaumu tundu.

Ikibaki bodi, na betri bado imechomolewa, weka mita kwenye daiodi, waya mwekundu kwenye ardhi, mweusi kwenye VBUS, ile njia inayoingiza umeme wa chaja. Sifuri ni shoti, mita ikiandika OL ni njia imekatika, namba ya katikati ilinganishe na bodi nzima ya aina hiyo. Hapo ndo mwisho wako kwa sasa. Usiguse aisii ya chaji na bloa, andika ulichosoma, ifunge, niwekee nikirudi.

Kila simu unayotoa ichaji dakika 10 mbele ya mteja, pande zote mbili za waya, na ampea uziandike kwenye risiti ili akirudi tujue tuliiacha ikivuta ngapi.