Kutandika Kitanda na Huduma ya Jioni: Mwongozo wa Wahudumu wa Vyumba

Idara ya Vyumba, Moshi. Unaanza kutumika Jumatatu, tarehe 1 Juni 2026. Nakala moja ibandikwe ndani ya mlango wa stoo ya mashuka kila ghorofa.

Ndugu zangu wahudumu,

Masika yameisha na vyumba vyetu 42 vinaanza kujaa. Wageni wetu wengi hulala hapa mara mbili: usiku wa kabla ya kupanda mlima, na usiku wa baada ya kushuka. Katikati wanakuwa wamelala siku kadhaa kwenye mahema au vibanda, ndani ya mifuko ya kulalia, wakielekea mita 5,895. Kwa mtu wa namna hiyo kitanda ndicho hoteli yenyewe. Chakula atakisahau, bustani huenda asiione kabisa.

Msimu uliopita nilimkuta mgeni, mama mtu mzima, amelala juu ya blanketi huku amejifunika koti. Kitanda kilikuwa kimebanwa barabara, kwa kipimo chetu cha wakati ule ningekipa alama zote. Lakini alikuwa ameshuka mlima kwa njia ya Mweka, kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi kwa kugonga ncha za viatu siku nzima, na shuka lililobanwa miguuni lilikuwa linamuumiza. Nguvu za kulichomoa hakuwa nazo. Ndiyo maana mwongozo huu una aina mbili za kumalizia miguuni, na nawaombeni sana msizichanganye.

Kabla ya kutandika

Bisha mara tatu kwa kifundo cha kidole na useme, "Hodi, huduma ya vyumba." Hesabu hadi kumi, bisha tena, ndipo ufungue. Penye kibao cha "Usisumbue" hatubishi, tunaandika saa na kupita.

Vua kitanda shuka moja baada ya jingine, usizoe vyote kwa pamoja. Simu, pasipoti na miwani hupotelea ndani ya mashuka, na yakishafika kwa dobi ni kazi nyingine. Hakuna kukung'uta shuka, iwe chumbani au koridoni, kwa sababu vumbi la mlimani linarudi kukaa juu ya meza uliyotoka kuifuta. Shuka chafu haligusi sakafu, linaingia moja kwa moja kwenye mfuko wa toroli. Lenye damu litengwe kwenye mfuko wake, lilowekwe maji baridi. Ukilitia maji ya moto doa limeshapikwa, halitoki tena.

Kisha kagua godoro. Pitisha kidole na tochi kwenye mshono wote, hasa kona za upande wa kichwani na nyuma ya ubao wa kitanda. Unatafuta kunguni wenyewe, vidoa vyeusi kama vya kalamu, au maganda mepesi ya rangi ya kahawia. Mizigo ya wasafiri hulala sehemu nyingi kabla ya kufika kwetu, hivyo kumkuta kunguni si aibu ya mhudumu. Aibu ni kunyamaza. Ukiona chochote, acha kila kitu humo chumbani, pamoja na mashuka uliyokwisha kuvua, funga mlango, uniite.

Kitanda, tabaka kwa tabaka

Vitanda vyetu ni vya sita kwa sita na vya tatu na nusu kwa sita, magodoro inchi 10. Mashuka ya vitanda vikubwa ni sentimita 275 kwa 290, yana mstari wa uzi wa bluu kwenye pindo. Ya vitanda vidogo yana uzi wa kijani. Kwenye mpini wa kila toroli nimebandika utepe wenye alama za sentimita 10, 30 na 50. Utumieni, macho hudanganya mtu akishachoka.

Kinga ya godoro kwanza, mipira yake minne ishike kona. Shuka la chini linafuata, upande wa nje ukitazama juu, na kunyanzi lililoachwa na pasi katikati likae katikati ya godoro. Hilo kunyanzi ndilo rula yako: likienda kombo, kila kinachofuata kitaenda kombo. Chomeka kichwani, chomeka miguuni, halafu kona.

Kona zote nne za shuka la chini ni za bahasha. Shika ukingo wa shuka unaoning'inia ubavuni, kama sentimita 40 kutoka kwenye kona, uinue na kuulaza juu ya godoro upate pembetatu. Kinachobaki kuning'inia chini kichomeke. Shikilia kona kwa kiganja cha mkono mmoja, shusha ile pembetatu kwa mkono mwingine, uivute kuelekea chini, kisha ichomeke nayo. Mkunjo uonekane kama mstari mmoja wa nyuzi 45, bila mdomo wazi. Chomeka huku kiganja kikitazama chini. Mnaotanguliza ncha za vidole ndio mnaolalamika kucha kuvunjika.

Shuka la pili linatandikwa kinyume, upande wa nje ukitazama chini. Wageni kazini huliona kama kosa, lakini utakapolikunja kichwani upande mzuri ndio utakaotokea. Pindo pana likae kichwani. Juu yake blanketi, likianzia sentimita 30 kutoka kichwani mwa godoro, na juu ya blanketi shuka la tatu. Blanketi likikaa katikati ya mashuka mawili haligusi mwili wa mgeni, nalo halichakai kwa kufuliwa kila siku. Kunja shuka la pili lifunike ukingo wa blanketi na la tatu, mkunjo wa sentimita 30 ulionyooka kutoka ubavu hadi ubavu.

Sasa miguuni. Mgeni wa kawaida, na yule ambaye bado hajapanda, anafanyiwa kona za bahasha kama za chini, tabaka zote tatu kwa pamoja. Mgeni aliyeshuka mlima anafanyiwa mkunjo wa vidole. Ukiwa umesimama miguuni, kabla ya kuchomeka, vuta tabaka zote tatu uzikunje kuelekea kichwani upate pindo la sentimita 10 linalokatiza kitanda. Hapo ndipo uchomeke miguuni, kwa ulegevu. Mbavu za kitanda zinaning'inia tu, hazichomekwi. Mgeni akiingiza miguu, lile pindo linafunguka na kuacha nafasi juu ya vidole. Orodha ya waliotoka mlimani inakuja kutoka mapokezi saa 3 asubuhi, na vyumba vyao vimewekewa alama ya M.

Foronya igeuzwe ndani nje, shika mto kwa kupitia ndani yake, uivute ishuke. Usiubane mto kwa kidevu. Midomo ya foronya itazame mbali na mlango. Mwisho, ile rana ya kitenge miguuni, sentimita 50 upana.

Chandarua mchana kinafungwa juu, kisiguse kitanda. Ukikikuta kina tundu, hata la kupitisha kalamu, kishonwe kabla ya jioni.

Vifaa vya chumbani

Kwa kila mgeni: taulo kubwa 1, la mikono 1, la uso 1. Taulo kubwa linakunjwa mara tatu kwa urefu, halafu mara mbili, mgongo wa mkunjo ukitazama nje. Tembo na bata wa taulo tuwaache: vinakula dakika, na taulo linashikwashikwa sana kabla ya kumfikia mwenyewe. Bafuni mkeka 1, sabuni 2, karatasi za chooni 2. Shampuu iko ukutani, hakikisha haijashuka chini ya nusu. Kwenye trei birika, vikombe 2, kahawa ya hapahapa Kilimanjaro, majani ya chai na tangawizi.

Mgeni anayeendelea hubadilishiwa mashuka kila usiku wa tatu au akiomba. Alama ya M haisubiri: akishalala usiku wa kwanza baada ya mlima, mashuka yote yanatoka asubuhi.

Muda

Chumba cha chekauti dakika 32, saba kati yake ni za kitanda kikubwa. Mgeni anayeendelea dakika 22. Chumba cha M kinachochekauti kinaongezewa dakika 10, kwa sababu ya vumbi na udongo wa viatu.

Zamu ni dakika 480. Toa 60 za chakula, 15 za kikao cha asubuhi, 25 za kupakia na kufunga toroli, zinabaki 380. Chekauti 7 na wanaoendelea 5 ni dakika 334. Hizo 46 za ziada si zangu, ni za lifti, za mgeni mwenye swali na za umeme kukatika. Ukipangiwa vyumba vya M zaidi ya vitatu, niambie asubuhi nikupunguzie chumba. Usiniambie saa 8 mchana wakati wageni wapya wamesimama mapokezi.

Huduma ya jioni

Wahudumu wawili, vyumba 21 kila mmoja, dakika 8 kwa chumba, kuanzia saa 11:45 jioni hadi saa 2:45 usiku. Anzeni na vyumba vya chini vya upande wa bustani, ndivyo mbu wanavyoviingia kwanza.

Ukiingia, madirisha na mapazia kwanza, chandarua baadaye. Ondoa rana, ikunje mara nne, iweke rafu ya juu ya kabati. Shika kona ya juu ya matandiko yote, ikunje kuelekea katikati upate pembetatu yenye upande wa sentimita 50. Kwa wageni wawili fungua pande zote mbili. Akiwa mmoja, angalia miwani, kitabu au chaja viko upande upi, fungua upande huo. Vitanda pacha vifunguke kuelekeana. Teremsha chandarua, kichomeke chini ya godoro pande tatu, na upande wa kuingilia kiache kikiwa kimelazwa tu.

Sakafuni weka kitambaa cheupe na kandambili juu yake. Mezani chupa 2 za maji za glasi, bilauri zikiwa zimefunikwa, tochi, kadi ya muda wa kifungua kinywa, na kashata 2 za nazi. Za karanga hatuweki, wapo wanaodhurika nazo. Badilisha taulo zilizotumika, kausha sinki, mwaga taka, acha taa moja ya kitandani.

Juni hadi Agosti usiku ni baridi, hivyo ongeza blanketi la pili na chupa ya mpira ya maji moto. Ijaze theluthi mbili kwa maji ambayo hayachemki, toa hewa, kaza kifuniko, ipindue juu ya sinki uone kama inavuja, halafu ivike mfuko wake. Iwekwe usawa wa miguu.

Mgeni akiwamo, sema, "Samahani, nimekuja kuandaa kitanda, nirudi baadaye?" Mzee au mama anayezungumza Kiswahili aamkiwe "Shikamoo" kwanza. Anayepanda kesho ana mizigo yake imetawanyika kitandani na sakafuni: usiguse hata soksi. Mwachie maji na kashata mlangoni mwa kabati, umwambie utarudi akishafunga begi.

Ukimaliza, andika saa kwenye karatasi ya ghorofa, hesabu mashuka yaliyobaki kwenye toroli, funguo zirudi mapokezi kwa mkono wako mwenyewe.

Msimamizi Mkuu wa Vyumba