Kazi KZ-27: Kuvusha bomba kuu chini ya barabara kuu – imesimama, inasubiri uamuzi wa nje

Mradi: Maji ya bomba, vitongoji vya Mkuyuni na Stesheni
Hali: Imesimama tangu Jumanne 9 Septemba 2025
Kinachozuia: Uamuzi wa mahali pa kuvukia barabara
Mwenye uamuzi: Meneja wa Mkoa, wakala wa barabara
Tarehe tunayotarajia jibu: Ijumaa 3 Oktoba 2025
Anayefuatilia kwa upande wetu: Mhandisi wa mradi
Imeandikwa: Jumatatu 15 Septemba 2025

Kilichosimama na kisichosimama

Kilichosimama ni mita 60 tu. Naliweka hili mbele kwa sababu wiki iliyopita kijijini ilivuma kwamba "mradi umezuiwa", na fomeni alipigiwa simu na watu watatu wakiuliza kama vibarua warudi makwao. Mradi haujazuiwa. Bomba kuu lina urefu wa mita 4,200. Mita 2,660 za upande wa kaskazini, kutoka kwenye tangi hadi ukingo wa hifadhi ya barabara, zimelazwa, zimefukiwa na zimepimwa presha. Upande wa kusini, kuelekea Stesheni, kuna mita 1,480 ambazo ziko nje ya hifadhi na zinaendelea kuchimbwa. Katikati ndipo palipo na hizo 60, mita 30 kila upande kutoka mstari wa katikati wa barabara, upana uliowekwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 kwa barabara kuu na za mikoa. Humo hatuingizi hata sururu bila kibali cha maandishi.

Hata hivyo mita 60 hizo ndizo zinazobeba maji ya Stesheni yote: vituo sita vya kuchotea, kaya 310, na shule ya msingi. Kila kitu kingine kikimalizika na hizi zisipomalizika, Stesheni itakuwa na mabomba makavu.

Kinachozuia, kwa usahihi

Si ada wala fomu. Ada ya maombi ililipwa kwa namba ya malipo tuliyopewa, risiti iko kwenye faili la kibali, na maombi yetu ya tarehe 21 Agosti yalipokelewa na kugongwa muhuri yakiwa na michoro yote. Njia ya kuvukia pia haina ubishi tena. Tuliomba kutoboa chini ya tuta kwa mashine bila kukata lami, tupitishe bomba la kinga la chuma la milimita 200, halafu ndani yake bomba letu la poli la milimita 110. Wahandisi wa barabara walipokuja kukagua tarehe 4 Septemba, njia hiyo waliikubali palepale.

Kilichokwamisha ni mahali. Barua yao ya tarehe 9 Septemba inasema kwamba pale tulipoweka alama, karibu na mwembe mkubwa ulio mbele ya mashine ya kusaga, pamepangwa kujengwa kalvati jipya la boksi, kwa sababu maji ya mvua hupanda juu ya barabara sehemu ile. Msingi wa kalvati utashuka chini kuliko bomba letu. Kwa hiyo wanaamua kati ya mambo mawili:

Kwanza, tuvuke palepale, ila kwa kina kirefu zaidi ya mita 1.5 iliyo kwenye mchoro wetu. Kina chenyewe watakitaja wao.

Pili, tusogee mita 85 kuelekea mashariki, nje kabisa ya eneo la kalvati, na kina kibaki kama tulivyoomba.

Kwetu sisi yote mawili yanawezekana. Tukisogea, bomba litaongezeka kwa mita 170 kama tutakwenda na kurudi sambamba na barabara. Nimepiga hesabu: kwa mtiririko wa lita 3 kwa sekunde, nyongeza hiyo inapoteza chini ya nusu mita ya kimo cha maji, na kati ya tangi na kituo cha mwisho cha Stesheni tuna tofauti ya mita 41. Presha haitaathirika. Bomba la ziada liko stoo, ile akiba iliyobaki baada ya njia kufupishwa kule kwenye shamba la mkonge. Kwa maoni yangu kusogea ni salama zaidi. Sitaki bomba letu liwe chini ya msingi wa kalvati ambalo mtu mwingine atakuja kulijenga baadaye akiwa na ekskaveta na haraka zake. Maoni hayo tumeyaweka kwenye barua yetu ya tarehe 12 Septemba, lakini uamuzi si wetu.

Mwenye uamuzi

Anayesaini ni Meneja wa Mkoa. Mhandisi wa matengenezo aliyekuja kukagua ndiye anayetayarisha taarifa, na ndiye wa kupigiwa simu kwa mambo ya kila siku, lakini yeye hawezi kutoa kibali, na asibanwe atoe ahadi asiyoweza kuitimiza. Naomba pia watu wetu wasipitie kwa diwani wala kwa mkuu wa kituo cha mizani. Nia ni njema, ila kila mmoja akipiga simu kwa njia yake, tutaishia na majibu matatu yanayopingana na hakuna hata moja lililoandikwa. Mawasiliano yote yapitie kwa mhandisi wa mradi.

Tarehe imetoka wapi

Barua ya 9 Septemba inasema jopo la ufundi linakaa Jumanne 30 Septemba na majibu hutolewa ndani ya siku tatu za kazi. Ndipo tulipopata Ijumaa 3 Oktoba. Naipa tarehe hii imani ya wastani. Kikao kimeandikwa kwenye barua, hilo ni zuri. Lakini mchoro wa kalvati unatoka makao makuu, na usipofika kabla ya kikao, jambo letu litaahirishwa. Tumeuliza kwa simu tarehe 12 kama mchoro umefika. Jibu: bado.

Tunachoweza kuvumilia, na tusichoweza

Mkandarasi mdogo mwenye mashine ya kutoboa yuko kazi nyingine hadi Ijumaa 10 Oktoba. Anataka taarifa ya siku saba, na kazi yenyewe ni siku tatu. Kibali kikitoka tarehe 3, tutamjulisha siku hiyohiyo, ataleta mashine Jumatatu 13, Jumanne 14 ni Siku ya Nyerere, na atatoboa Jumatano hadi Ijumaa 17 Oktoba. Mvua za vuli zikichelewa kidogo tutakuwa tumeshafukia.

Kibali kikichelewa hadi tarehe 10 bado inawezekana, kwa kubanana, kwa sababu mashine itaweza kufika Jumatatu 20. Baada ya hapo mambo yanageuka. Mashine inahamia wilaya nyingine na hairudi ukanda huu kabla ya 10 Novemba. Wiki ya Uchaguzi Mkuu, Jumatano 29 Oktoba, siihesabu kabisa kama wiki ya kazi kwa ofisi wala kwa eneo la mradi. Na kutoboa Novemba ni kutoboa ndani ya vuli: shimo la kuanzia lina kina cha zaidi ya mita mbili kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, linajaa maji usiku mmoja, na kingo zake huporomoka. Mkataba wa mkandarasi mkuu unakwisha Ijumaa 28 Novemba. Kwa hiyo tarehe yetu ya mwisho ya kweli ni 10 Oktoba. Ikipita bila barua mkononi, tunaandika maombi ya kuongeza muda wa mkataba Jumatatu 13 bila kungoja zaidi.

Wakati tunasubiri

Uchimbaji upande wa kusini uendelee, lakini uanzie mita 200 kutoka ukingo wa hifadhi kuelekea Stesheni. Hizo 200 za mwanzo ziachwe, maana tukisogezwa mashariki mtaro wake utabadilika na tutakuwa tumelipa vibarua kuchimba bure. Zinabaki mita 1,280, kazi ya kutosha kwa kikosi kizima hadi mwanzoni mwa Oktoba. Mafundi waanze pia kujenga vituo vya kuchotea na chemba za valvu, kwani hivyo havitegemei mahali pa kuvukia. Bomba la chuma lipakwe rangi ya kuzuia kutu na lilazwe juu ya magogo, si chini.

Pendekezo la kupitisha bomba ndani ya kalvati la zamani, lile la duara lililo jirani na kituo cha basi, limeletwa mara mbili na wajumbe wa jumuiya ya watumia maji. Nalijibu hapa ili lisirudi la tatu. Kalvati lile tayari ni dogo kwa maji yanayolipitia. Ukiweka bomba ndani, magogo na majani yanayoletwa na mvua yatanasa hapo, maji yatarudi nyuma na kupanda barabarani, na siku tuta litakapobomoka bomba litaondoka nalo. Ofisi ya barabara isingekubali, na hata ingekubali mimi nisingesaini.

Na lile la vijana kujitolea kuchimba usiku upande wa kijiji, ndani ya hifadhi, "ili tuwe tumeshatangulia": hapana. Tukikutwa, maombi yetu yanaweza kufutwa na tutaanza upya. Mwenyekiti wa jumuiya ameombwa alisemee hilo kwenye mkutano wa kitongoji wa Jumapili 21 Septemba, na amekubali.

Kumbukumbu za ufuatiliaji

21 Agosti – Maombi yamewasilishwa, nakala yenye muhuri imerudi.
4 Septemba – Ukaguzi wa pamoja. Njia ya kutoboa imekubaliwa kwa mdomo. Kalvati halikutajwa.
9 Septemba – Barua imepokelewa: mahali panasubiri uamuzi. Hali ya kazi imebadilishwa kutoka "inaendelea" kuwa "imesimama".
12 Septemba – Tumejibu kwa barua, tumeambatanisha mchoro wa pili wenye kivuko kilichosogezwa mita 85, ili jopo liwe na michoro yote miwili mezani. Simu kwa mhandisi wa matengenezo: mchoro wa kalvati haujafika.
15 Septemba – Taarifa hii imetumwa kwa meneja wa maji wa wilaya, mkandarasi, fomeni na mwenyekiti wa jumuiya.

Hatua zinazofuata

Jumatatu 22 Septemba, simu: mchoro wa kalvati umefika? Kama haujafika, meneja wa maji wa wilaya amwandikie Meneja wa Mkoa kabla ya kikao, akiomba chaguo la pili liamuliwe peke yake, kwa kuwa halihitaji mchoro huo.
Jumatano 1 Oktoba, simu: kikao kimekaa, na kimeamua nini?
Jumatatu 6 Oktoba, kama barua haijatoka, mhandisi wa mradi aende ofisini mwenyewe asubuhi na faili.

Kazi hii itarudishwa kwenye "inaendelea" barua yenye saini ikifika, ikitaja mahali na kina. Neno la simu halitoshi.