Rasi, Shingo za Nchi, Milango ya Bahari, Ghuba na Mafunguvisiwa: Maswali na Majibu

Rasi ni nini hasa?

Ni nchi kavu iliyochomoza majini, ikazungukwa na maji sehemu kubwa ya mpaka wake, lakini bado imeshikana na bara. Ukikata kiungo hicho, una kisiwa. Kubwa kuliko zote ni Rasi ya Arabia, yenye kilomita za mraba zaidi ya milioni 3: magharibi kuna Bahari ya Shamu, kusini Ghuba ya Aden na Bahari ya Arabia, mashariki Ghuba ya Omani na Ghuba ya Uajemi. Kaskazini imeungana na Asia kupitia Iraki na Yordani.

Jibu la "maji pande tatu" linatosha kuanzia, lakini halitoshi kupata alama zote kwenye mtihani. Taja pia upande ulioshikana na bara na kitu kilichopo hapo. Iberia, kwa mfano, imezungukwa na Atlantiki na Mediterania, na kiungo chake na Ulaya kiko kwenye milima ya Pirenei. Italia, Korea na Kamchatka zifafanue kwa utaratibu huohuo.

Rasi ya Arabia ina mataifa kadhaa, na Rasi ya Tumaini Jema ni ncha tu. Mbona zote ni rasi?

Kiswahili kinatumia neno moja kwa maumbo mawili. La kwanza ni eneo zima lililochomoza. La pili ni ncha ya nchi inayoingia baharini. Ukiulizwa eneo lililozungukwa na maji, usitoe mfano wa ncha. Na kosa moja linajirudia kila mwaka: Tumaini Jema si ncha ya kusini kabisa ya Afrika. Ncha hiyo ni Rasi Agulhas, iliyo kusini-mashariki yake.

Shingo ya nchi inatofautianaje na rasi?

Shingo ya nchi ni ukanda mwembamba wa nchi kavu unaounganisha nchi mbili kubwa zaidi, wenye maji upande huu na upande huu. Kazi yake ni kuunganisha, kwa hiyo lazima kuwe na nchi pande zote mbili za ukanda. Shingo ya Panama inaunganisha Amerika ya Kaskazini na ya Kusini. Shingo ya Suez inaunganisha Afrika na Asia. Shingo ya Korintho inaishika Rasi ya Peloponesi na Ugiriki bara, na ya Perekop inaishika Krimea. Mara nyingi shingo ya nchi ndiyo mzizi wa rasi, na ndiyo sababu wengi huzichanganya.

Ikichimbwa mfereji, bado ni shingo ya nchi?

Ndiyo. Mfereji ni kazi ya binadamu na haubadilishi jina la umbo la asili. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, wa Korintho 1893, wa Panama 1914.

Suez ni tambarare, kwa hiyo maji ya bahari yanapita moja kwa moja bila malango ya kuinulia meli. Panama ina vilima katikati. Mto Chagres ulizuiwa kwa bwawa, likapatikana Ziwa Gatun lililo takriban mita 26 juu ya usawa wa bahari, na meli hupandishwa kwa malango hadi ziwani kisha ikateremshwa upande wa pili. Tazama pia mwelekeo wake kwenye ramani: meli inayotoka Atlantiki kwenda Pasifiki inaelekea kusini-mashariki, kwa sababu shingo hiyo imejipinda. Anayejibu kwamba inakwenda magharibi hajafungua atlasi.

Mlango wa bahari je?

Huo ni kinyume cha shingo ya nchi. Ni njia nyembamba ya maji, ya asili, inayounganisha maji mawili makubwa na kutenganisha nchi kavu mbili. Jibu kamili lina majina manne: maji mawili na nchi mbili. Gibraltar: Atlantiki na Mediterania, Uhispania na Moroko. Malaka: Bahari ya Andamani na Bahari ya Kusini ya China, Rasi ya Malay na Sumatra. Bering: Pasifiki na Aktiki, Urusi na Alaska.

Bab el Mandeb inawapotosha wengi. Wanaandika kwamba unaunganisha Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Kwa usahihi, unaungana na Ghuba ya Aden kwanza, na ghuba hiyo ndiyo inayofunguka kwenye Bahari ya Arabia. Upande mmoja ni Yemen, mwingine ni Jibuti na Eritrea.

Maji ya mlango wa bahari yanakwenda upande gani?

Katika baadhi ya milango, pande zote mbili kwa wakati mmoja, na hili ndilo jambo linalostahili kueleweka vizuri kuliko yote hapa. Gibraltar, penye upana wa takriban kilomita 14 sehemu nyembamba zaidi, ina mikondo miwili iliyopangana. Mediterania hupoteza maji mengi kwa mvuke kuliko yanayoletwa na mito na mvua, hivyo maji ya Atlantiki huingia juu kufidia. Yaliyobaki ndani yamezidi chumvi, ni mazito, yanazama na kutoka chini kuelekea Atlantiki.

Bosporus, mlango unaotoka Bahari Nyeusi, ni kinyume. Danube, Dnieper na mito mingine huijaza Bahari Nyeusi, kwa hiyo maji mepesi yenye chumvi kidogo hutoka juu, na maji mazito ya chumvi huingia chini.

Ghuba ni nini?

Ni sehemu ya bahari iliyoingia ndani ya nchi kavu. Ghuba ya Uajemi imefungwa karibu kote na hutoka kwa mlango mmoja tu, Hormuz. Ghuba ya Guinea iko wazi kabisa, ni mkunjo mpana wa pwani ya Afrika Magharibi.

Hori nayo ni bahari iliyoingia ndani ya nchi kavu, lakini usitegemee ukubwa kuitofautisha na ghuba. Hori ya Bengali ni kubwa kuliko Ghuba ya Meksiko. Majina hayo yalitolewa na mabaharia na wachora ramani, si kwa vipimo.

Sheria ina kipimo chake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unasema: chora mstari kutoka ncha hadi ncha ya mdomo, kisha chora nusu-duara yenye kipenyo cha mstari huo. Maji ya ndani yakiwa na eneo sawa au zaidi ya nusu-duara hiyo, ni hori kisheria. Yakipungua, ni mkunjo wa pwani tu.

Nikipewa ramani isiyo na majina, nianze vipi?

Kwanza paka rangi nchi kavu, maana kosa kubwa ni kusoma bahari kama nchi. Halafu tafuta mahali pembamba. Pakiwa nchi kati ya maji, ni shingo ya nchi. Pakiwa maji kati ya nchi, ni mlango wa bahari. Fanyia mazoezi Sinai: ni rasi, magharibi yake kuna Ghuba ya Suez yenye kina chini ya mita 100, mashariki Ghuba ya Akaba inayozidi mita 1,800 kwa sababu imekaa kwenye ufa mkubwa wa ardhi.

Funguvisiwa linahitaji visiwa vingapi?

Hakuna idadi. Kinachohitajika ni visiwa vilivyo karibu na vinavyohusiana. Indonesia ina zaidi ya 17,000. Komoro ina vikubwa vinne tu: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore.

Taja pia asili yake. Maldivi ni matumbawe. Hawaii ni volkano: bamba la Pasifiki linasogea juu ya chanzo cha joto, kwa hiyo visiwa vya kaskazini-magharibi ni vikongwe na vimemomonyoka, na kile cha kusini-mashariki bado kinatema lava.

Je, kila funguvisiwa ni taifa la visiwa kisheria?

Hapana. Mkataba huohuo wa 1982 unataka taifa liwe limeundwa lote na visiwa. Indonesia, Ufilipino na Fiji zinatimiza sharti hilo. Hawaii haitimizi, kwa sababu ni jimbo la Marekani, nchi yenye sehemu kubwa barani.